Mama anasahau: ni uzee wa kawaida au dimensia inaanza?

Tuseme mama ana miaka 71. Anauza omena sokoni Kibuye, Kisumu, na kwa miaka mingi ndiye mweka hazina wa chama chao. Binti yake mkubwa anaishi naye Manyatta. Mdogo ameolewa Nakuru na hupiga simu kila wiki. Mkubwa anasema mama amebadilika, mdogo anasema ni umri. Nyumba nyingi zina mabishano haya, na karibu kila hoja inayotolewa ina nusu ya ukweli. Tuwafuate hawa wawili.

Dhana: "Watu wote wakizeeka husahau, ni uzee tu"

Uzee kweli hupunguza kasi ya kukumbuka. Jina la jirani linamponyoka mama mchana, kisha linamjia usiku akiwa ameshalala. Anaingia jikoni akasimama, hajui alifuata nini. Funguo zinapotea, anarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka anazikuta juu ya friji. Yote hayo ni kawaida, na ukimwonjesha kidogo tu anamalizia mwenyewe. Mwambie "yule wa kwaya, aliyehamia Ahero", naye atadakia jina kabla hujafika mwisho. Jambo lilikuwa limehifadhiwa, njia ya kulifikia ndiyo imekuwa ndefu.

Dimensia si sehemu ya kawaida ya kuzeeka. Ni hali inayoletwa na magonjwa ya ubongo, na linaloongoza ni Alzeima. Katika Alzeima jambo jipya mara nyingi halikuhifadhiwa kabisa, kwa hiyo kumwonjesha hakusaidii. Unamwambia mama, "Mchungaji alikuja juzi, tukachinja kuku, akaketi kiti kile." Anakutazama kama unayemsimulia habari za nyumba nyingine. Tofauti hii ina uzito kuliko idadi ya vitu alivyosahau.

La pili la kutazama ni kazi alizozimudu miaka yote. Mimi ningeyaacha majina ya watu kabisa nikatazama pesa, jiko na njia. Mama wa Kibuye alikuwa akipima omena kwa gorogoro huku akipiga hesabu ya chenji kichwani bila kusita. Miezi ya karibuni amemlipa mvuvi wa Dunga mara mbili kwa mzigo mmoja, na alipoonyeshwa ujumbe wa M-Pesa akasisitiza kwamba hajatuma chochote. Kitabu cha chama kina michango ya wiki tatu iliyoandikwa chini ya tarehe moja. Mchuzi umetiwa chumvi mara mbili, si siku moja tu. Siku moja alishuka Kondele, steji aliyoizoea tangu ujana, akasimama bila kujua avuke upande gani.

Kila moja ya hizo ikija peke yake ningeipuuza, maana nani hajawahi kuunguza sufuria? Zikija pamoja, zikazidi mwezi baada ya mwezi, na zikagusa kazi yake mwenyewe, uzee peke yake hautoshi kuzieleza. Pia usimpime kwa kiwango cha jirani. Mtu ambaye hajawahi kujua kutuma pesa kwa simu hana dalili yoyote akishindwa leo. Anayehitaji kutazamwa ni yule aliyekuwa akiwatumia wajukuu karo mwenyewe, na sasa hawezi.

Dhana: "Anakumbuka mambo ya zamani, kwa hiyo kumbukumbu yake ni nzima"

Hii ndiyo hoja ya binti wa Nakuru, na inawapoteza wengi. Mama anaweza kukusimulia Julai 1969 Tom Mboya alipopigwa risasi Nairobi, nani alileta habari nyumbani na kilio kilichofuata. Usimulizi hauna pengo. Dakika kumi baadaye anauliza kwa mara ya tatu kama umekula.

Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo iitwayo hipokampasi, ambayo kazi yake ni kupokea matukio mapya ili yawekwe. Alzeima kwa kawaida huishambulia sehemu hiyo mapema. Mambo ya miaka 50 iliyopita yamesimuliwa mara nyingi na yameshatawanyika kwingine, kwa hiyo hudumu muda mrefu. Ukitaka kujua hali ilivyo, zungumza naye kuhusu jana: nani alikuja, kililiwa nini, nani ameaga dunia wiki hii mtaani. Fanya hivyo katika mazungumzo ya kawaida. Mzazi akihisi ametahiniwa na mtoto wake hukasirika, na hasira yenyewe humfanya akosee hata anayoyajua.

Dhana: "Kwenye simu yuko sawa kabisa"

Salamu, kuuliza watoto, kulalamikia mvua, kubariki na kuaga ni maneno yaliyozoeleka tangu utotoni, na hudumu hata ugonjwa ukiwa umeanza. Mzazi mcheshi hujua pia kukwepa. Akiulizwa alifanya nini jana atajibu, "Ah, si unajua kazi za hapa haziishi," na nyote mtacheka. Kwa hiyo mtoto aliye mbali asiharakishe kumwona aliye karibu kuwa anatia chumvi. Anayelala naye nyumba moja ndiye anayeziona sufuria.

Madaktari wanalijua hili, ndiyo maana humhoji mtu wa karibu. Kuna orodha fupi iitwayo AD8, yenye maswali manane, ambayo hujibiwa na anayemfahamu mgonjwa. Inauliza kama kuna mabadiliko ukilinganisha na alivyokuwa mwenyewe: maamuzi yake, hamu ya shughuli alizozipenda, kurudia maswali au hadithi, kujifunza kutumia chombo, kujua mwezi na mwaka, kusimamia pesa, kukumbuka miadi, na shida ya kila siku ya kufikiri. Majibu mawili au zaidi ya "ndiyo, amebadilika" yanatosha kumpeleka apimwe. Hayatoshi kusema ana dimensia.

Mara nyingi pia anayejilalamikia mwenyewe kwamba anasahau sana ndiye mwenye afadhali, kwa sababu bado anayaona makosa yake. Mwenye Alzeima huenda asiyaone kabisa. Pesa zikikosekana, kwake maelezo ni moja: zimeibwa. Mama huyu alimfukuza msichana wa kazi kwa wizi wa shilingi 3,000, zikapatikana ndani ya unga wa ugali, alipozificha mwenyewe. Hakuwa akisingizia. Kumbukumbu ya kuzificha haikuwepo.

Dhana: "Amerogwa," au kibaya zaidi, "yeye ndiye mchawi"

Mzee anayetembea usiku bila kujua aendako, au anayemtuhumu jirani, huzua maneno. Kusahau na kupotea njia hakuthibitishi uchawi wa mtu yeyote. Oktoba 2021 wanawake wanne wazee waliuawa Marani, Kisii, kwa tuhuma za uchawi. Familia yenye mzee anayetangatanga iwaeleze majirani na mzee wa kijiji mapema kwamba ni mgonjwa, kabla wengine hawajatunga maelezo yao.

Dhana: "Amechanganyikiwa tangu juzi, hiyo ni dimensia imeanza"

Dimensia nyingi hujongea kwa miezi na miaka. Mzee aliyekuwa na akili timamu Jumatatu, na Alhamisi hajui yuko wapi, asubuhi ana nafuu na jioni anaona watu wasiokuwepo, ana jambo jingine la haraka. Inaweza kuwa malaria, maambukizi ya njia ya mkojo, nimonia, sukari iliyoshuka, kukosa maji mwilini au dawa mpya. Kwa wazee maambukizi yanaweza kuja bila homa kali. Mdomo ukipinda au mkono ukilegea, fikiria kiharusi. Kama alianguka wiki chache zilizopita akagonga kichwa, damu inaweza kuwa inakusanyika polepole juu ya ubongo. Huyu haandikiwi miadi. Anapelekwa hospitali siku hiyo hiyo.

Dhana: "Hakuna dawa, kwa hiyo kumpeleka ni kupoteza pesa"

Ni kweli Alzeima haina tiba ya kuiondoa. Lakini kabla ya kuiita Alzeima kuna mambo kadhaa yanayofanana nayo na yanayotibika, na huwezi kuyajua bila kupimwa.

Rudi kwa mama wa Kibuye. Mabinti wote wawili wanaenda naye kliniki wakiwa na mfuko wenye dawa zake zote. Ndani yake mna metformini ya kisukari aliyotumia miaka mingi, dawa ya presha, na vidonge vya Piriton alivyojizoesha kumeza kila usiku ili alale. Daktari anasimama kwenye viwili. Metformini ikitumiwa miaka mingi inaweza kushusha vitamini B12, na upungufu wake hudhuru kumbukumbu na kuleta ganzi miguuni. Piriton, kama baadhi ya dawa za zamani za mzio na usingizi, huvuruga kumbukumbu ya mzee. Inasimamishwa. Metformini haiguswi, maana kuiacha kiholela kungempandisha sukari.

Damu inapimwa B12, homoni za tezi ya shingo, kiwango cha damu, figo na chumvi za mwilini, kaswende na virusi vya ukimwi. Masikio yanatazamwa pia, kwa sababu asiyesikia vizuri huonekana amesahau kumbe hakusikia. Anaulizwa kuhusu usingizi, hamu ya kula na huzuni. Sonona kwa mzee mara nyingi huja kama kusahau, hasa baada ya kufiwa.

Kipimo cha akili nacho kina mtego. Kumwambia mtu ambaye hakusoma achore saa au ahesabu kurudi nyuma kwa saba ni kumpima shule. Watafiti waliofanya kazi wilaya ya Hai, Tanzania, walitengeneza kipimo kiitwacho IDEA, ambacho badala ya kalamu mzee hupanga njiti za kiberiti kufuata umbo aliloonyeshwa. Mzazi wako akipewa kalamu ambayo hakuwahi kuishika, mwambie daktari alisoma mpaka darasa la ngapi, matokeo yasomwe kwa kuzingatia hilo.

B12 ya mama inatoka chini. Anaanzishiwa sindano, Piriton haipo tena, na anapewa miadi ya kurudi baada ya miezi sita. Wiki za kwanza anachangamka na mchuzi unarudi ladha yake. Hilo halijafunga suala, kwa kuwa upungufu wa B12 na Alzeima vinaweza kukaa kwa mtu mmoja. Ndiyo maana daktari anawaambia mabinti waandike kwenye daftari tarehe na tukio: alilipa nini mara mbili, alipotea wapi, alirudia swali gani. Chama nacho kinaongeza mtu wa pili wa kuandika michango pamoja naye, na mama mwenyewe ndiye anayemchagua angali anaweza kuchagua. Miezi sita ikiisha, daftari hilo na kitabu cha chama vinaenda kliniki. Makosa ya pesa yakiwa yamepungua, matibabu yanaendelea. Yakiwa yamezidi wakati B12 imeshapanda, uchunguzi unasonga mbele kwenye picha ya ubongo na daktari bingwa.