Simu ya zamani ikikataa tovuti, usikimbilie kulaumu bando

Wengi wanaopeleka vifaa kwa mafundi wa Mwanga, Kigoma, hufika na hukumu mkononi: bando limeliwa, au kifaa kimeingiwa na virusi. Ushahidi wa kupinga upo kwenye kioo chenyewe, kwa kuwa tovuti nyingine zinafunguka.

Dhana: Tarehe ya kompyuta ni pambo tu.

Tovuti ya https huonyesha cheti, yaani uthibitisho wa kidijitali kwamba ndiyo yenyewe, chenye siku ya kuanza na siku ya kuisha, na kivinjari hukipima kwa saa ya kifaa chenyewe. Chukua kompyuta ya steshenari ambayo kila umeme ukikatika hurudi Januari 2009. Cheti kilichotolewa mwezi uliopita, kwa hesabu yake, bado hakijaanza kutumika, hivyo Chrome huandika `NET::ERR_CERT_DATE_INVALID`. Ukirekebisha tarehe na mwaka, tovuti hufunguka papo hapo; kesho yake ikikataa tena, kilichokwisha ni betri ya saa, ile ya duara kama sarafu, ambayo kwenye kompyuta nyingi za mezani ni CR2032 ya volti 3.

Dhana: Saa ikiwa sahihi, basi tovuti ndiyo mbovu.

Hapa ndipo mafundi wengi hukwama. Simu ya Android 6 inaweza kuwa na saa sahihi hadi dakika, na bado ikaandika `NET::ERR_CERT_AUTHORITY_INVALID`. Cheti cha tovuti hudhaminiwa na cheti kingine, na mlolongo huo huishia kwenye cheti cha mzizi, ambacho simu hutoka nacho kiwandani. Shirika la Let's Encrypt, linalotoa vyeti bure kwa tovuti nyingi mno, hutegemea mzizi uitwao ISRG Root X1, ambao Android imeutambua tangu toleo 7.1.1. Simu za nyuma ya hapo zilibebwa na udhamini wa mzizi wa zamani, DST Root CA X3. Mzizi huo uliisha muda Septemba 2021, lakini kwa kuwa Android haiangalii tarehe ya mwisho ya mzizi wenyewe, udhamini uliongezwa hadi 30 Septemba 2024. Ulipokoma, simu ambayo haikuguswa na mtu ilianza kukataa tovuti ilizozizoea.

Dhana: Ukiifuta simu yote, itapona.

Haitapona, maana kuifuta huirudishia orodha ileile ya mizizi. Kinachoweza kusaidia ni Firefox, iwapo simu ina toleo lake linalokubali, kwa sababu kivinjari hicho hubeba orodha yake. Njia nyingine ni kupakua mzizi huo kutoka letsencrypt.org kwa kutumia kifaa kingine kisicho na tatizo, kisha kuuweka kwenye simu kupitia mipangilio ya usalama. Mzizi uliotumiwa na mtu kwa WhatsApp usiuweke kamwe, kwani mwenye mzizi uliokubaliwa na simu yako anaweza kujitengenezea cheti cha tovuti ya benki yako, na simu isilalamike.