Dodge na Burn kwa mkono: kulinganisha mfifio wa mwanga kwenye uso uliopandikizwa

Taa haiuangazi uso mzima kwa nguvu moja. Shavu lililo upande wa taa hupata mwanga mwingi, la pili hupata kidogo, na katikati mwanga hushuka polepole. Kushuka huko ndiko mfifio. Ukitoa uso wa mtu kwenye picha moja na kuupandikiza kwenye nyingine, unakuja na mfifio wa kule ulikotoka. Dodge ni kuangaza sehemu ya picha, Burn ni kuitia giza. Hapa kazi hizo mbili zinafanywa kwa brashi, kidogo kidogo, mpaka uso mgeni ufifie kama mwili unaoubeba.

Chukua picha ya ukoo kwenye harusi. Flashi yenye mwavuli iko kushoto. Mjomba amesimama mwisho wa mstari, mita 1 tu kutoka kwenye taa, na amefumba macho. Kuna fremu nyingine ambayo macho yako wazi, lakini humo alikuwa katikati ya mstari, mita 3 kutoka kwenye taa ile ile. Nguvu ya mwanga hupungua kwa mraba wa umbali. Tuseme uso una upana wa sentimita 15. Akiwa mita 1, shavu la mbali hupata mwanga pungufu kwa karibu asilimia 24 kuliko la karibu. Akiwa mita 3, upungufu ni asilimia 9 hivi. Kwenye faili ya sRGB, ngozi inayosoma 200 upande wa taa ingeshuka hadi 177 hivi katika hali ya kwanza, na hadi 191 tu katika ya pili. Ndiyo maana uso uliopandikizwa huonekana bapa, kama umebandikwa, hata rangi ikiwa sawasawa. Mahesabu haya yanaonyesha ukubwa wa tatizo tu, kwa sababu mwavuli si nukta ya mwanga, na shavu lenyewe limejipinda.

Usitumie gradienti moja kwa uso mzima. Gradienti hutia giza kana kwamba uso ni ukuta, kumbe pua imechomoza na tundu la jicho limeingia ndani.

Kwenye Photoshop, kwanza linganisha mwanga wa jumla na rangi kwa Curves inayogusa leya ya uso peke yake. Kisha weka leya mpya juu yake, ijaze 50% Gray, iwekee Soft Light, na uifungie kwenye uso kwa Create Clipping Mask. Kijivu hicho hakibadilishi kitu mpaka ukiguse: nyeusi hutia giza, nyeupe huangaza. Brashi iwe laini kabisa, Hardness 0%, Flow 3% hivi. Anza na brashi pana kama shavu, pita shavu la mbali na upande wa paji la uso, ndipo uingie kwenye taya na ubavu wa pua kwa brashi ndogo.

Sasa, utajuaje umefika? Wengi hutazama shingo, lakini shingo ina kivuli cha kidevu, inadanganya. Ramani halisi ni ule uso wenye macho yaliyofumba, ambao bado uko chini. Ulipigwa na taa ile ile, mahali pale pale. Usiufute. Zima leya ya uso mpya, soma namba kwenye Info ukitumia sampuli ya 11 by 11 Average, kisha washa usome tena. Pima sehemu ambazo tabasamu haizisogezi: pande mbili za paji la uso, mgongo wa pua, kidevu. Mashavu yaache, maana akicheka yanapanda na kushika mwanga kwa namna nyingine. Ili jicho lisivurugwe na rangi, weka Black & White juu ya kila kitu kwa muda, na uipunguze picha iwe ndogo kama stempu. Madoadoa ya brashi yatajitokeza yenyewe.

Ukizidisha Burn, ngozi huanza kuelekea rangi ya chungwa, hasa karibu na sikio. Hapo punguza kidogo Saturation ya sehemu hiyo, usiendelee kupaka.

Kuna kisichowezekana. Brashi hubadilisha kiasi cha mwanga, haihamishi taa. Kivuli cha pua kikianguka kushoto wakati wageni wengine wote kimewaangukia kulia, au kikiwa na ukingo mkali wakati vya wenzake ni laini, tafuta fremu nyingine. Kuugeuza uso kama kwenye kioo nako hakusaidii: nyuso hazilingani pande mbili, na ndugu zake ndio watakaokuwa wa kwanza kuona kwamba huyu si mjomba wanayemjua.