Kamera ya mbali inapozimika usiku: hesabu ya waya na volti

Malalamiko ya kamera ninayoyapokea mara nyingi yanafanana hivi: kamera nne zimefungwa kwenye pawa saplai moja ya volti 12. Tatu zilizo karibu zinaonyesha vizuri saa zote. Ya nne, iliyo mbali getini, mchana haina tatizo, lakini giza likiingia inaanza kuwaka na kuzimika. Picha inakuja, inakaa sekunde chache, inapotea, kisha inarudi. Mwenye nyumba anaambiwa kamera imekufa. Ananunua nyingine, na usiku wa kwanza nayo inafanya vilevile.

Angalia kinachobadilika giza likiingia: taa za infraredi. Kamera ya kawaida mchana inaweza kuvuta kama ampea 0.25. Taa zikiwaka inafika ampea 0.6, na kamera zenye taa kubwa hukaribia ampea nzima. Umeme huo wote unapita kwenye waya, na kila mita ya waya ina ukinzani wake, kwa hiyo ampea zikipanda, volti zinazopotelea njiani nazo zinapanda. Zikibaki chache mno kamera inajizima. Ikijizima, taa nazo zinazima, waya haubebi tena mzigo, volti zinapanda, kamera inawaka, taa zinawaka, volti zinaanguka tena. Ndiyo hiyo kuwaka na kuzimika hadi asubuhi.

Kinachowapoteza mafundi wengi ni namna ya kupima. Fundi anachomoa jeki ya kamera, anaweka mita, anasoma volti 12.1, anatangaza kwamba umeme upo wa kutosha. Lakini mita yenyewe haivuti umeme wa maana, na pasipo na ampea zinazopita hakuna volti zinazopotea, hata waya uwe mwembamba kama uzi. Pima kamera ikiwa imechomekwa na taa zake zinawaka. Kama ni mchana, ziba kihisi cha mwanga kwa utepe mweusi na usubiri picha igeuke nyeusi na nyeupe. Kamera nyingi hutoa mlio mdogo wa "tik" wakati huo. Mimi hutembea na kipande kifupi cha waya chenye jeki dume upande mmoja na jike upande wa pili, katikati nimeacha skrubu wazi za kugusisha ncha za mita. Kipimo cha hapo ndicho cha kuaminika.

Sasa hesabu. Ni moja tu:

```
V = 2 x L x I x 0.0175 / A
```

V ni volti zitakazopotea, L ni urefu wa njia kwa mita, I ni ampea za kamera usiku, na A ni ukubwa wa waya kwa milimita za mraba, ile namba tunayoitaja tukisema "waya wa 1.5". Hiyo 0.0175 ni ukinzani wa shaba. Usiisahau ile 2 ya mwanzo: umeme unakwenda kwa chanya na kurudi kwa hasi, kwa hiyo geti la mita 60 ni waya wa mita 120.

Tuirudie kamera ya getini: mita 60, ampea 0.6, na waya uliotumika ni wa 0.5. Ukipiga hesabu unapata volti 2.52 zimepotea. Kamera inapata kama 9.5, wakati nyingi zimeandikiwa 12 kwa kuongeza au kupunguza asilimia 10, yaani zisishuke chini ya 10.8. Mchana, kwa ampea 0.25, inayopotea ni volti 1.05 tu na kamera inabaki na 10.95. Inapita kwa kubahatisha, ndiyo maana mchana hakuna anayelalamika.

Kuchagua waya ni kuigeuza hesabu hiyo hiyo. Tumeruhusiwa kupoteza volti 1.2, basi 2 × 60 × 0.6 × 0.0175 ÷ 1.2 inaleta 1.05. Waya wa 1.0 unakosa kidogo, kwa hiyo unapanda hadi 1.5, ambapo volti zinazopotea ni 0.84 na kamera inapata 11.16. Hesabu hii ni ya shaba halisi. Waya ulioandikwa CCA ni alumini iliyopakwa shaba juu, na ukinzani wake unazidi wa shaba kwa zaidi ya nusu. Kwangu huo hauendi mbali. Ukiukwangua kwa kisu na ndani ukakuta weupe, umeshajua.

Kosa jingine ni kuunganisha kamera kwa kurukia, ya pili ikichukua umeme kwa ya kwanza na ya tatu kwa ya pili. Chukua kamera tatu ukutani, kwenye mita 20, 40 na 60, kila moja ampea 0.6, waya wa 0.75. Kipande cha kwanza kinabeba ampea 1.8 za kamera zote, cha pili 1.2, cha mwisho 0.6. Jumla ya volti zinazopotea hadi kamera ya mwisho ni 3.36. Ingekuwa na waya wake peke yake wa ukubwa huohuo, ingepoteza 1.68. Kwa hiyo kila kamera iwe na njia yake kutoka kwenye saplai, hata kama waya unaonekana mwingi.

Wengine hukimbilia kubadilisha saplai ya ampea 5 waweke ya 10. Haitasaidia chochote, kwa sababu volti zinapotelea kwenye waya. Kamera nne za ampea 0.6 zinahitaji 2.4, saplai ya 5 inazibeba bila kupata joto kali. Ile ya 10 inaongeza hatari: waya mwembamba ukigusana, kuna ampea nyingi za kuuchoma. Tumia sanduku la saplai ambalo kila kamera ina fyuzi yake.

Saplai nyingi zina skrubu ndogo ya kupandisha volti. Inafaa kwa marekebisho madogo, mita ikiwa mkononi, bila kuvuka 13.2, maana kamera za karibu hupata karibu volti zote. Kwa geti letu lenye waya wa 0.5 haitoshi: 13 ukitoa 2.52 ni 10.48.

Kama waya mwembamba umeshafukiwa na hakuna anayetaka kuchimba upya, napeleka volti 24 kutoka saplai ya pekee na kuweka kigeuzi cha kushusha hadi 12 kwenye kiboksi kisichoingiza maji, kando ya kamera. Kazi ni ileile lakini kwa volti mara mbili ampea zinashuka hadi karibu 0.35, ukihesabu na kinachopotea kwenye kigeuzi. Waya uleule wa 0.5 unapoteza kama volti 1.5, na kigeuzi kinachopokea 22.5 hakina shida kutoa 12 kamili. Kigeuzi kirekebishe kabla ya kukiunganisha na kamera. Vingi vinavyorekebishwa kwa skrubu hutoka dukani vikiwa vimewekwa volti yoyote ile, na kamera ya volti 12 ikipewa 20 hapo kweli utanunua nyingine.