Ratiba inayojirudia ya matangazo ya sala: kanuni, nyakati na mabadiliko kila kimoja na laha yake

Kazi yangu ni kutengeneza majedwali ya kazi za ofisi, na mara nyingi jumuiya za misikiti huniomba niwatazamie karatasi wanayotumia kutolea tangazo la wiki. Karibu kila mara nakuta kwamba kuna mtu anayenakili tangazo la wiki iliyopita kisha anabadilisha tarehe moja moja kwa mkono. Njia hiyo huenda vizuri hadi wiki ambayo tarehe moja inasahauliwa, na hapo watu hufika msikitini wakakuta darsa limekwisha. Ninapendekeza tarehe zisiandikwe kabisa. Kinachoandikwa ni kanuni, kwa mfano “kila Jumanne, dakika 15 baada ya Magharibi”, na tarehe pamoja na saa vikokotolewe na jedwali lenyewe.

Katika Google Sheets ninafungua laha tatu. Ya kwanza, `Ratiba`, ina mstari mmoja kwa kila shughuli: safu A ni msimbo mfupi kama DARSA, B ni jina la shughuli, C ni namba ya siku, D ni msingi wa saa, na E ni dakika za kuongeza. Namba za siku huanzia 1 kwa Jumapili hadi 7 kwa Jumamosi, kwa sababu ndivyo fomula ya `WEEKDAY` inavyohesabu isipoelekezwa vingine. Laha ya pili, `Nyakati`, ina tarehe zote za mwaka na nyakati za sala tano kama zilivyopitishwa na msikiti wenyewe. Ya tatu, `Mabadiliko`, ni ya wiki zisizofuata kawaida.

Tangazo likitoka kila Alhamisi, wiki yake huanza Ijumaa. Kwa hiyo katika seli J1 ya `Ratiba` ninaweka Ijumaa inayofuata, na katika F2 tarehe ya shughuli yenyewe:

```
J1: =TODAY()+MOD(6-WEEKDAY(TODAY()),7)
F2: =$J$1+MOD(C2-WEEKDAY($J$1),7)
```

Chukua wiki inayoanza Ijumaa, 6 Novemba 2026. Darsa ni la Jumanne, yaani siku ya 3. Ukitoa 6 kwenye 3 unapata hasi 3, na `MOD` ya 7 huigeuza kuwa 4, hivyo darsa linaangukia tarehe 10 Novemba. Faida ya kuiweka Ijumaa hiyo katika seli moja ni kwamba unaweza kuandika juu yake tarehe ya mwezi ujao, ukatazama tangazo la wiki hiyo litakavyokuwa, kisha ukairudisha fomula.

Saa ndiyo sehemu inayohitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa shughuli nyingine zina saa ya kudumu na nyingine zinafuata jua. Hotuba ya Ijumaa inaweza kuwa 13:00 mwaka mzima, lakini Magharibi haisimami mahali pamoja. Hata Adhuhuri, ambayo wengi hudhani haibadiliki, husogea: katikati ya Februari jua hufika utosini likiwa limechelewa dakika 14 hivi kuliko wastani wa mwaka, na mwanzoni mwa Novemba hutangulia kwa dakika 16 hivi. Hiyo ni tofauti ya takriban nusu saa, na ipo hata katika nchi ambazo urefu wa mchana haubadiliki sana. Ndiyo maana siruhusu mtu aandike saa ya Adhuhuri kwa mkono katika `Ratiba`. Safu D inapokea ama saa kamili ama jina la sala, na fomula hutambua ni kipi:

```
G2: =IF(ISNUMBER(D2),D2,VLOOKUP(F2,Nyakati!$A:$F,MATCH(D2,Nyakati!$A$1:$F$1,0),FALSE))+E2/1440
```

Namba 1440 ni dakika za siku moja, kwa kuwa jedwali huhesabu siku nzima kuwa 1. Tuseme `Nyakati` inaonyesha Magharibi ya tarehe 10 Novemba kuwa 18:20. Darsa litatoka 18:35. Wapo wanaofunika fomula hii kwa `IFERROR` ili isionyeshe kosa, nami ninawakataza. Mwaka ukiisha kabla nyakati za mwaka mpya hazijaingizwa, ni heri `#N/A` ionekane wazi kuliko tangazo litoke likiwa na nafasi tupu.

Tangazo la Kiswahili halisomwi 18:35, bali saa 12:35 jioni. Ugeuzaji wake ni huu:

```
=MOD(HOUR(G2)+5,12)+1&":"&TEXT(MINUTE(G2),"00")
```

Usijaribu kufupisha kwa `TEXT(G2,"mm")`, kwa sababu herufi hizo zikiwa peke yake husomwa kuwa mwezi, na dakika utakazozipata hazitakuwa dakika. Maneno asubuhi, mchana, jioni na usiku ninayachukua kutoka jedwali dogo la saa, na majina ya siku vilevile. Kwa shughuli za usiku ninaandika “Alhamisi usiku, kuamkia Ijumaa”, kwani ukiandika “usiku wa Ijumaa” pekee, nusu ya watu wataelewa Alhamisi na nusu nyingine Ijumaa.

Katika `Mabadiliko`, safu A ni tarehe, B msimbo, na C saa mpya. Iwapo tarehe na msimbo vinalingana na mstari wa `Ratiba`, saa mpya inashika nafasi ya ile ya kawaida. C ikiachwa tupu, fomula hutoa sifuri, nayo inamaanisha shughuli haipo wiki hiyo:

```
=IF(COUNTIFS(Mabadiliko!A:A,F2,Mabadiliko!B:B,A2)=0,G2,SUMIFS(Mabadiliko!C:C,Mabadiliko!A:A,F2,Mabadiliko!B:B,A2))
```

Fomula ya kugeuza saa basi isome seli hii badala ya G2, na ikikuta sifuri iandike “haipo”, la sivyo itatoa 6:00.

Hatari kubwa ya mpango mzima iko hapa, kwa sababu kosa lake halionekani. Mtu anaandika 10/11/2026 akikusudia 10 Novemba, lakini jedwali limewekwa katika nchi inayotanguliza mwezi, likaisoma kuwa 11 Oktoba. Hakuna alama ya kosa. Mabadiliko hayaoani na chochote, na tangazo linatoka na saa ya zamani. Kwanza rekebisha nchi katika Faili, kisha Mipangilio. Pili, weka safu ya ukaguzi katika `Mabadiliko` inayouliza kama tarehe inaangukia siku ya shughuli hiyo:

```
=WEEKDAY(A2)=VLOOKUP(B2,Ratiba!A:C,3,FALSE)
```

Tarehe 11 Oktoba 2026 ni Jumapili, na darsa ni la Jumanne, kwa hiyo jibu ni `FALSE`, na anayeandaa anajua kabla watu hawajapotoshwa.

Ramadhani haiingii katika kanuni hizi. Mwanzo wake hutegemea kuandama kwa mwezi, na kila mwaka hutangulia kwa siku 10 hadi 12 katika kalenda ya kawaida. Ninaacha seli moja tupu ambayo hujazwa baada ya tangazo la mwezi kutolewa, na mistari ya tarawehe haionekani hadi seli hiyo ijazwe.

Kutuma kwenyewe ninapendelea kufanywe na mtu aliyesoma tangazo lote kwanza. Kila mstari wa tangazo ukae katika seli yake, ndani ya safu moja, kisha safu nzima inakiliwe kwenda kwenye kundi la WhatsApp. Ukiunganisha mistari yote ndani ya seli moja, ukibandika utakuta tangazo limezungushiwa alama za kunukuu ambazo lazima uzifute kila wiki.