Je, wajua kwa nini upana mdogo wa poligoni si lazima ukatize kipenyo chake kwa pembe mraba?

"Nikishapata kipenyo, yaani mstari mrefu kuliko yote ndani ya umbo, si nipime tu upana wake kwa kuukatiza kwa nyuzi 90, nimemaliza?"

Hapana, ingawa mimi mwenyewe niliamini hivyo kwa muda mrefu, tena nikaliandikia programu. Ilikuwa ya kumwambia fundi kama kipande cha plaiwudi kitapenya kwenye uwazi fulani kikiwa kimelazwa. Tulipokuja na kipande cha futi 4 kwa 3 na dirisha la futi tatu na nusu, programu ikakataa: upana ni futi 4.8, hakipiti. Fundi hakubishana na kompyuta. Alitanguliza ule upande wa futi 3, akasukuma, kipande kikatokea ng'ambo.

Hesabu yangu haikuwa na kosa la kujumlisha. Mstari mrefu kuliko yote katika mstatili huo ni ulalo, futi 5 kamili. Ukipima kwa kuukatiza ulalo huo, kila moja ya kona mbili zilizobaki iko futi 2.4 kutoka kwenye mstari, moja huku na nyingine kule, jumla 4.8. Swali ndilo lililokuwa bovu. Na dhana hii haifi upesi kwa sababu kwenye pembetatu ni kweli tupu: kipenyo cha pembetatu ni upande wake mrefu, na upana wake mdogo ni kimo kinachosimama juu ya upande huo huo. Ukijaribu mbinu yako kwa pembetatu kumi, utafaulu mara kumi. Ongeza kona ya nne, uhakika wote unaondoka.

Njia sahihi inaitwa kalipa zinazozunguka. Michael Shamos aliionyesha katika tasnifu yake ya Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1978, na jina lenyewe akalitoa Godfried Toussaint mwaka 1983. Inahitaji poligoni mbinuko, yaani isiyo na kona iliyobonyea kuingia ndani. Chukua kalipa ya fundi mashine, kile kifaa cha kupimia unene, libane umbo kati ya meno yake mawili yaliyo sambamba, kisha izungushe kalipa nusu duara huku meno yakiendelea kuligusa umbo. Pengo kati ya meno litakuwa likipanuka na kupungua. Pengo kubwa kuliko yote ni kipenyo, na dogo kuliko yote ndio upana tunaoutafuta.

Lakini nyuzi ziko nyingi bila kikomo. Utajuaje pa kusimama?

Hapa ndipo penye utamu. Kwa sehemu kubwa ya mzunguko, kila jino linagusa kona moja tu. Chukulia kona hizo mbili zimeungwa kwa kijiti. Maadamu meno hayajahama kona, pengo ni sawa na kivuli cha kijiti hicho ukutani: kikiwa sambamba na ukuta kivuli ni kirefu kabisa, ukikiinamisha huku au kule kivuli kinafupika. Kwa lugha ya hesabu, pengo ni urefu wa kijiti mara kosini ya mwinamo wake. Ukichora grafu, kila kijiti kinakupa kipande cha kilima, na kilima hakina bonde katikati yake. Bonde linaweza kuwepo mahali pamoja tu: pale kilima kimoja kinapoishia na kingine kuanza. Mahali hapo ni pale jino linapoachia kona moja na kudaka nyingine, na wakati huo huo tu jino linakuwa limelala bapa juu ya upande mzima. Kwa hiyo upana mdogo hupatikana kati ya upande na kona, ilhali kipenyo, kilele cha kilima kirefu kuliko vyote, hupatikana kati ya kona na kona. Kilele na bonde havina mkataba wowote wa kukaa nyuzi 90 mbali.

Tuone kwa umbo lenye kona tano: A(0,0), B(6,0), C(8,4), D(4,7), E(0,4). Laza jino juu ya upande AB. Kona ya mbali ni D, pengo 7. Upande BC unatazamana na E, pengo 7.16. CD na A, 8. DE na B, 6.8. EA na C, 8. Upana ni 6.8, kati ya upande DE na kona B. Kipenyo ni AC, kipeuo cha pili cha 80, yaani 8.94. Ukiikatiza AC kwa nyuzi 90 unapata 7.16. (Ndiyo, inafanana na ile ya BC, sadfa tu, mwelekeo ni mwingine.) Katika mwelekeo huo kalipa iko kwenye mteremko wa kilima cha kijiti BD, na bonde liko nyuzi kama 10 mbele. Mbinu yangu ya zamani ilikuwa ikisimama mteremkoni na kutangaza imefika chini.

Angalia pia kona za mbali zilivyofuatana: D, E, A, B, C. Hazirudi nyuma hata mara moja. Ndiyo maana programu haihitaji kulinganisha kila kona na kila upande. Kidole kimoja kinatembea pande, kingine kinakimbizana nacho upande wa pili.

```python
n = len(p)
upana, kipenyo = float('inf'), 0
j = 1
for i in range(n):
    a, b = p[i], p[(i+1) % n]
    while eneo(a, b, p[(j+1) % n]) > eneo(a, b, p[j]):
        j = (j+1) % n
    upana = min(upana, eneo(a, b, p[j]) / dist(a, b))
    kipenyo = max(kipenyo, dist(a, p[j]), dist(b, p[j]))
```

Hapo `p` ni orodha ya kona zilizopangwa kinyume cha saa, `dist` ni umbali kati ya kona mbili, na `eneo` ni maradufu ya eneo la pembetatu. Wengi hushawishika kusogeza `j` kwa kulinganisha umbali kutoka kona `a`, badala ya eneo. Usifanye hivyo. Kimo kutoka kwenye upande hupanda kisha hushuka, basi. Umbali kutoka kona moja unaweza kupanda, kushuka na kupanda tena, jambo ambalo watafiti Avis, Toussaint na Bhattacharya walilionyesha mwaka 1982.

Kona iliyojirudia ni balaa jingine. Eneo la nakala mbili ni lile lile, alama ya `>` inakataa, na `j` inakwama njiani wakati kilele bado kiko mbele. Dalili ni upana mdogo kupita kiasi, au programu kufa kwa kugawanya kwa sifuri pale `a` na `b` zinapokuwa nakala. Safisha orodha kwanza, ukiondoa pia kona zilizolala katikati ya mstari mnyoofu.

Na haya yote ni ya karatasi bapa. Kwenye maumbo ya pande tatu, kulaza jino juu ya uso mzima hakutoshi. Piramidi ya pembetatu nne sawa zenye pande za sentimita 10 ina kimo cha 8.16, lakini ukiibana kati ya kingo mbili zinazotazamana, pengo ni 7.07 tu, na hakuna uso hata mmoja uliolala kwenye jino.