TPM ikijifunga, usizime kompyuta

Jumatatu moja dada wa uhasibu aliniletea laptopu yake, uso ameukunja. "Kaka, hii nimeizima tangu Ijumaa jioni ipumzike. Leo naiwasha bado inanikatalia, na PIN ninayoweka ni yenyewe, naapa."

PIN ilikuwa yenyewe kweli. Kilichomponza ni kule kuizima.

Ijumaa mpwa wake aliishika akaanza kubahatisha ile PIN ya BitLocker, kifungio cha diski cha Windows, inayoombwa kabla Windows haijawaka. Akabahatisha mpaka chipu ya TPM ikasema basi. Chipu hii ndiyo inayotunza ufunguo wa diski, nayo huhesabu kila PIN iliyokosewa. Kwenye TPM 2.0, Windows huipangia kikomo cha makosa 32. Yakifika hapo, chipu haiangalii tena ulichoandika. Hata ukiweka PIN sahihi, inakataa bila kuilinganisha na chochote. Ndiyo maana mtu anaapa kwamba hajakosea, na ni mkweli.

Kinachozuiwa hapa ni shambulio la kamusi, yaani mtu kujaribu orodha nzima ya majibu moja baada ya jingine. Makosa hufutwa moja kila dakika 10. Kwa hiyo mwizi akishamaliza nafasi zake 32 anabaki na jaribio moja kila dakika 10, sawa na 144 kwa siku. PIN ya tarakimu sita ina michanganyiko milioni moja. Kuimaliza yote kwa mwendo huo ni kama miaka 19. Chipu haijui kama anayebahatisha ni mwizi au mpwa.

Sasa lile la kuizima. Saa ya TPM inatembea chipu ikiwa na umeme tu. Laptopu ikizimwa siku mbili na nusu, kwa chipu hakuna hata dakika moja iliyopita. Tena Jumatatu asubuhi dada aliiwasha, akajaribu, ikakataa, akaizima, akarudia. Kila alipozima, zile dakika 10 zilianza upya.

Nilichofanya ni kidogo mno, hata hakistahili kuitwa ufundi. Nilichomeka chaja, nikawasha, nikaingia kwenye ukurasa wa mipangilio ya BIOS, nikaiacha hapo. Napendelea ukurasa huo kwa sababu mashine haijizimi yenyewe. Baada ya dakika 25 nikaiwasha upya, dada akaandika PIN polepole, kidole kimoja. Ikafunguka. Nikafungua PowerShell kama msimamizi:

```
Get-Tpm | Select LockedOut, LockoutCount, LockoutMax, LockoutHealTime
```

LockoutCount ilisoma 30. Hapa wengi huteleza: wanadhani ukipatia mara moja hesabu inarudi sifuri. TPM 2.0 haifanyi hivyo. Makosa mawili tu yangemrudisha alikotoka. Nikamwambia aiache inawaka hadi jioni, maana kufuta makosa yote 32 kunataka dakika 320, saa tano na ushee.

Angekuwa na haraka, au PIN angekuwa ameisahau, njia ni ufunguo wa kurejesha wa tarakimu 48. Kwenye skrini ya PIN unabonyeza Esc, unauandika, na diski inafunguka bila kuisumbua TPM. Mara nyingi umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine, au kwa idara ya kompyuta kazini. Ukishaingia unaweka PIN mpya kwa `manage-bde -changepin C:`.

Usikimbilie kuifuta TPM kwenye BIOS. Kweli kufungika kunaisha, ila na ufunguo wa diski uliofungwa ndani yake unakwenda nao. Kama huna zile tarakimu 48 mkononi, umeitupa data yako mwenyewe.

Watumiaji wa Linux waliofunga diski ya LUKS kwa TPM na PIN hupata kosa 0x921, jina lake TPM_RC_LOCKOUT. Hali ya chipu mnaiona hivi:

```
tpm2_getcap properties-variable
```

Tazameni TPM2_PT_LOCKOUT_COUNTER, na TPM2_PT_LOCKOUT_INTERVAL inayotaja sekunde za kufuta kosa moja. Vikomo vyenu huenda si vile vya Windows. Pia msishangae hesabu ikipanda bila mtu kukosea: umeme ukikatika ghafla baada ya PIN kutumika, chipu inaweza kujiongezea kosa moja, kwani haina hakika kama kuna mtu aliyekata umeme ili kosa lake lisiandikwe. Kwa kompyuta ya mezani isiyo na UPS hili si jambo la nadra.

Kufungua papo hapo kuna amri:

```
tpm2_dictionarylockout --clear-lockout
```

Kama nywila ya lockout, yaani ile inayoruhusu amri hii, iliwahi kuwekwa, ongeza `-p` na nywila yenyewe. Lakini hiyo nywila usiibahatishe: ukiikosea mara moja tu, nayo inafungwa kwa muda ulioandikwa kwenye TPM2_PT_LOCKOUT_RECOVERY. Kwenye mashine moja niliyoishika muda huo ulikuwa sekunde 86400, siku nzima ikiwa inawaka.