Kwa nini "miezi mitatu" huharibu barua ya likizo ya uzazi?

"Je, barua ya likizo ya uzazi naiandikaje iwe fupi lakini rasmi? Na kwa nini mwenzangu alirudishiwa yake kwa kuandika tu 'miezi mitatu'?"

Kwa sababu sheria haihesabu miezi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya 2004, inampa mama siku 84 zenye malipo, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa mara moja. Jumamosi na Jumapili zinazoangukia katikati zimo humo humo. Kusema "miezi mitatu" hakuna shida mkiwa mnaota jua la asubuhi nje ya ofisi. Kwenye barua kunaleta ubishi wa wiki nzima.

Chukua karani wa hesabu wa chama cha ushirika cha kahawa huko Mbozi. Cheti cha daktari kinasema anatarajiwa kujifungua tarehe 28 Septemba 2026. Sheria inamruhusu kuanza likizo kuanzia wiki nne kabla ya siku hiyo, naye amechagua kuanza Jumatatu, 7 Septemba. Ukihesabu siku hiyo kuwa ya kwanza, siku ya 84 ni Jumapili, 29 Novemba, na anaripoti kazini Jumatatu, 30 Novemba. Angeandika "miezi mitatu", yeye angejipanga kurudi 7 Desemba huku mwajiri akimsubiri wiki moja kabla. Siku 84 ni wiki 12 kamili, kwa hiyo kuna njia rahisi ya kujikagua: ukianza Jumatatu, lazima urudi Jumatatu. Ikitokea siku nyingine, umekosea kuhesabu.

Barua yenyewe inatakiwa imfikie mwajiri angalau miezi mitatu kabla ya tarehe ya kujifungua (hapo ndipo miezi inapohesabiwa), ikiambatana na cheti cha daktari. Kwa karani wetu mwisho ni 28 Juni, ambayo ni Jumapili, basi aipeleke Ijumaa tarehe 26 na abaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Baada ya anwani, tarehe na salamu, inatosha kuandika hivi:

YAH: TAARIFA YA LIKIZO YA UZAZI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Natarajia kujifungua tarehe 28 Septemba 2026, kama cheti cha daktari kilichoambatanishwa kinavyoonyesha. Nitaanza likizo ya siku 84 Jumatatu, 7 Septemba 2026, itakayoisha Jumapili, 29 Novemba 2026. Nitaripoti kazini Jumatatu, 30 Novemba 2026. Nikijifungua kabla ya 7 Septemba, naomba likizo ihesabiwe kuanzia siku nitakayojifungua.

Napendekeza kazi zangu zishikwe na Karani Msaidizi. Tutakabidhiana Alhamisi na Ijumaa, tarehe 3 na 4 Septemba, mbele ya Meneja.

Wengi huandika "ombi" badala ya "taarifa". Sioni sababu ya kugombana na bosi kwa neno hilo, mradi tarehe zimetajwa. Ninachokataa ni aya nzima ya kueleza hali ya ujauzito. Cheti kimeshasema, na barua hiyo itapita mikononi mwa watu wengi.

Makabidhiano nayo yasijazwe ndani ya barua. Yana hati yake ya ukurasa mmoja, inayoandikwa siku ya kukabidhiana. Kwa karani wa Mbozi, Septemba ni kipindi ambacho malipo ya wakulima bado yanaendelea, kwa hiyo hati ianze na orodha ya wasiolipwa na kiasi cha kila mmoja. Zifuate fedha taslimu zilizohesabiwa na wote wawili, vitabu vya stakabadhi vikitajwa kwa namba ya mwisho iliyotumika, kisha funguo za kasiki. Wote watatu wasaini. Nywila haiandikwi kwenye hati: mrithi afunguliwe akaunti yake. Ukiandika tu "nimemwachia mwenzangu kila kitu", pengo likionekana Oktoba hakuna atakayejua lilianza zamu ya nani.

Baba ana ugumu mwingine. Sheria inampa angalau siku 3 zenye malipo, zichukuliwe ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe, naye hawezi kuitaja siku hiyo mapema. Kwa hiyo anaandika mara mbili. Wiki chache kabla anapeleka taarifa fupi yenye tarehe ya makadirio na cheo cha atakayemshikia kazi. Mtoto akizaliwa, anatuma ujumbe. Tuseme yuko Iringa mjini na mkewe amekwenda kujifungulia kwao Makete:

Mheshimiwa Meneja, shikamoo. Mke wangu amejifungua leo, Jumanne 6 Oktoba. Kwa taarifa niliyowasilisha, nitakuwa likizo ya uzazi kuanzia kesho Jumatano tarehe 7 hadi Ijumaa tarehe 9, na nitaripoti Jumatatu tarehe 12. Funguo za stoo nimemkabidhi Msaidizi wa Stoo leo saa kumi jioni, amesaini daftari.